Dalali Anayekula Pande Mbili: Hukumu ya "Cha Juu" na Maandishi ya Kudai Kabla ya Kununua Kiwanja Tanga





Sisi watu wa visiwani, khasa Wapemba, tuna udugu wa zamani na Tanga. Haipatikani familia Wete, Konde au Mkoani isiyo na mjomba Ngamiani au shangazi aliyeolewa Duga. Kwa hivyo mtu akijaaliwa kupata pesa, kwa mavuno ya karafuu au kwa mtoto aliyepo Maskati, huona ni jambo jepesi kununua kiwanja ng'ambo ya pili ya maji. Tangu tarehe 5 Agosti 2017, lilipowekwa jiwe la msingi la bomba la mafuta linalotoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, kaskazini kidogo ya mji wa Tanga, kila dalali wa huko analo neno "bomba" mdomoni, hata kama kiwanja anachouza kiko upande mwingine kabisa wa mji.

Makala hii haizungumzii kama kununua Tanga ni jambo zuri au baya. Inazungumzia pesa ya mtu wa kati: inatoka kwa nani, inaingiaje mfukoni mwake, na inamfanya aelekee upande gani. Wengi wetu tunadhani tukimpa dalali ahsante yake basi amekuwa wetu. Mara nyingi sivyo.

Tuchukue mfano. Ni mfano wa kutunga, lakini waliopita njia hii watautambua.

Mzee mmoja wa Wete ana milioni 13 na kidogo. Anampigia simu kijana wa nduguye aliyepo Tanga: "Nitafutie kiwanja, niwajengee wanangu." Kijana hana ujuzi wa mambo hayo, anamwendea rafiki yake ambaye ni dalali Ngamiani. Dalali huyo naye hana kiwanja, anampigia dalali mwenzake wa upande wa Pongwe, kwenye barabara ya kwenda Muheza. Huyu wa Pongwe anacho. Mwenye kiwanja amemwambia: "Mimi niletee milioni 9 mkononi. Inayozidi hapo ni yako, sitaki kujua."

Dalali wa Pongwe anamwambia mwenzake bei ni milioni 10 na nusu. Dalali wa Ngamiani anamwambia kijana ni milioni 13. Mzee anavuka na boti, anaoneshwa kiwanja cha mita 20 kwa 30, kinampendeza. Dalali wa Ngamiani anamvuta pembeni na kumnong'oneza: "Mzee wangu, niachie mimi, nitakupigania." Anakwenda nyuma ya mwembe na simu yake, anarudi baada ya robo saa akifuta jasho: amepunguza hadi milioni 12 na nusu. Mzee anafurahi, anamuombea dua, na jioni anamkabidhi laki 6 kama shukurani.

Sasa tuhesabu. Kwa mzee zimetoka milioni 13 na laki 1. Kwa mwenye kiwanja zimefika milioni 9. Dalali wa Pongwe amepata milioni 1 na nusu. Dalali wa Ngamiani, yule aliyempigania mzee, amepata milioni 2 katika bei na laki 6 za shukurani. Milioni 4 na laki 1 zimebaki njiani, na mzee anajua habari za laki 6 tu.

Hicho ndicho kinachoitwa cha juu. Neno lenyewe lina sura ya kitu kidogo, kama mtu aliyeongezewa kipande cha muhogo. Katika mfano wetu ni karibu nusu ya bei ya mwenye mali.

Hapa ni lazima tutofautishe njia mbili za kumlipa dalali, maana kila moja ina madhara yake kwa mnunuzi, na dawa zake si sawa. Njia ya kwanza ni asilimia. Mwenye mali anasema: ukiuza, nakupa asilimia 10 ya bei. Watu hudhani ubaya wa asilimia ni kuwa dalali atataka bei iwe juu. Upo ubaya huo, lakini ni mdogo. Ukimwomba dalali wa namna hii akushushie bei kutoka milioni 12 hadi 11, yeye anapoteza laki 1 tu. Atakubali haraka, maana anachokitaka ni mauzo yaishe leo. Ubaya wa asilimia ni haraka yake na ukimya wake. Biashara ikivunjika hapati hata nauli, kwa hiyo kila habari inayoweza kuivunja ni adui wa mfuko wake: kwamba kiwanja ni cha mirathi ambayo haijagawanywa, kwamba mke wa muuzaji hajui, kwamba mvua za masika zikija maji hukaa hapo wiki mbili.

Njia ya pili ndiyo hiyo ya cha juu. Hapa kila shilingi unayoongeza wewe ni shilingi yake, nzima nzima. Milioni 1 unayoshindwa kuipunguza inaingia kwake yote. Mtu huyu hawezi kukupigania bei. Akikupigania anajipiga mwenyewe. Na zaidi ya hapo, ana haja kubwa kwamba wewe na mwenye mali msikae mkazungumza peke yenu hata dakika tano, maana siri yote iko katika swali moja tu ambalo mkikaa mtaulizana.

Maulamaa wamesema nini? Kazi ya udalali yenyewe ni halali. Imamu al-Bukhari katika Sahihi yake ameweka mlango mahususi wa ujira wa dalali, na humo ametaja kuwa Ibn Sirin, Ataa, Ibrahim na al-Hasan hawakuona ubaya nao. Hapo hapo ametaja rai ya Ibn Abbas (r.a.) kwamba hapana ubaya mtu kumwambia mwenziwe auze nguo kwa kiasi fulani na kinachozidi kiwe chake. Madalali wanaoijua rai hiyo huitoa haraka sana, na si vibaya, kwani ni rai iliyothibiti na Imamu Ahmad ameichukua. Lakini Imamu ash-Shafii, ambaye madhehebu yake ndiyo tuliyokulia visiwani, pamoja na Abu Hanifa na wengine, wameikataa, kwa sababu ujira huo haujulikani ni kiasi gani, na katika ujira inatakiwa ujulikane. Kwa rai yao, dalali aliyeuza kwa mapatano hayo anastahiki ujira wa mfano wake, yaani kile anacholipwa mtu wa kazi kama hiyo katika mji huo, na kinachozidi ni cha mwenye mali.

Tazama vizuri, ndugu msomaji, khitilafu hiyo imo baina ya nani na nani. Ni mas-ala ya mwenye mali na dalali aliyemtuma kuuza. Mwenye mali anajua kuwa kuna kinachozidi, ameridhia, na dalali ni mtu wake. Hata wenye kuiruhusu hawakumruhusu dalali amdanganye mnunuzi kwamba mwenye mali amekataa kupunguza, na hali mwenye mali hata hajaulizwa. Uongo katika kuuza ni haramu kwa makubaliano ya wote.

Lakini dalali wa Ngamiani katika mfano wetu yuko katika hali nyingine kabisa. Yeye alikubali kumtafutia mzee kiwanja. Akasema "niachie mimi". Akachukua laki 6 kwa kazi hiyo. Huyu amekuwa wakala wa mnunuzi, na wakala ni mwenye kuaminiwa. Ipo hadithi katika al-Bukhari inayoliweka jambo hili wazi kuliko maelezo marefu. Mtume (s.a.w.) alimpa Urwa al-Bariqi (r.a.) dinari moja akamnunulie kondoo. Urwa kwa ujanja wake wa biashara akanunua wawili kwa dinari hiyo, mmoja akamuuza kwa dinari moja, akarudi kwa Mtume na kondoo pamoja na dinari. Mtume akamuombea baraka katika biashara yake. Faida aliipata Urwa kwa akili yake na miguu yake, lakini aliirudisha yote, kwa sababu alikuwa ametumwa. Aliyetumwa kununua akapata punguzo, punguzo ni la aliyemtuma, mpaka mwenyewe amruhusu alichukue.

Kwa hiyo zile milioni 2 alizozificha dalali wa Ngamiani hazina kivuli hata katika rai ya Ibn Abbas. Ni mali ya mzee. Angemwambia tangu mwanzo, "Mzee, mimi kazi hii nataka milioni 2," na mzee akakubali, zingekuwa halali yake bila maneno. Kilichoziharibu ni siri. Wallahu aalam.

Sheria za Tanzania Bara nazo zinaelekea huko huko. Katika Sheria ya Mikataba, wakala anayefanya biashara kwa faida yake mwenyewe ndani ya kazi aliyotumwa, bila aliyemtuma kujua, anaweza kudaiwa faida hiyo. Na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 haiwahusu watumishi wa serikali peke yao kama wengi wanavyodhani. Inamgusa pia wakala wa mtu binafsi anayepokea kitu kwa siri ili ayaendeshe mambo ya aliyemtuma kwa namna fulani. Ila kudai kwa sheria kunataka ushahidi, na hapo ndipo wengi wetu tunapokwama, maana kila kitu kilisemwa chini ya mwembe.

Turudi kwa mzee wetu, maana hasara yake kubwa bado haijaja. Siku ya kuandikishana, dalali anamwambia: "Mzee wangu, mbele ya mwanasheria tutaandika milioni 9 tu, ili gharama za mtaa na kodi zisiwe kubwa. Hii nyingine tumalizane hapa hapa." Mzee anaona ni kusaidiana. Milioni 9 zinapita mezani, milioni 3 na nusu zinapita chini ya meza. Hati ya mauziano inasema milioni 9, muuzaji anasaini milioni 9, na kwa upande wake anasema kweli.

Miezi minane baadaye anatokea dada wa muuzaji kutoka Mombasa. Kiwanja kilikuwa cha baba yao, mirathi haijagawanywa, na yeye hakuulizwa. Kesi inafika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mauzo yakibatilishwa, mzee atadai arudishiwe pesa zake. Atarudishiwa ngapi? Karatasi inasema 9. Zile milioni 3 na nusu hakuna aliyezipokea. Muuzaji ataapa kuwa hakuziona, na hatokuwa mwongo. Madalali watasema wao walikuwa wanaonesha njia tu. Na mzee hawezi hata kusimama na kusema wazi kwamba karatasi ni ya uongo, kwa sababu uongo huo aliusaini mwenyewe.

Ndiyo maana jambo la kwanza la kudai katika maandishi ni bei kamili: kila shilingi inayotoka mfukoni mwako kwa ajili ya kiwanja hicho iwe imeandikwa katika hati ya mauziano, na iingie katika akaunti ya benki ya muuzaji kwa jina lile lile lililo katika hati na katika kitambulisho chake. Si kwa namba ya simu ya dalali, wala kwa pesa taslimu "tugawane hapa". Ukifanya hivi tu, bila jambo jingine lolote, cha juu cha siri kinakuwa kigumu sana, kwani itabidi muuzaji apokee milioni 12 na nusu kisha atoe mwenyewe milioni 3 na nusu na kuzikabidhi. Muuzaji wengi wakifika hapo hushtuka na kuuliza, "Hizi nyingine za nani?" Na swali hilo likishaulizwa mbele ya watu wote, siri imekwisha.

Utaambiwa kuwa bei kamili inapandisha kodi. Kodi ya faida ya mauzo kwa kawaida ni ya muuzaji na hulipwa TRA kabla ya umiliki kuhamishwa. Kama mmekubaliana uilipe wewe, iandikwe hivyo na iingie katika hesabu zako. Kuandika bei ya uongo ili kuikwepa ni kosa, na kwa upande wako wewe mnunuzi ni kuitupa kinga yako ili muuzaji apunguziwe mzigo wake.

Jambo la pili linakuja kabla ya hapo, hata kabla ya kuoneshwa kiwanja, nalo ni karatasi baina yako na dalali. Haihitaji lugha ya mahakamani. Ukurasa mmoja unatosha, ukisainiwa na nyote wawili na shahidi kila upande, pamoja na nakala ya kitambulisho chake. Inaweza kusema hivi:

"Mimi … ninakubali kumtafutia … wa Wete, Pemba, kiwanja cha kununua katika Jiji la Tanga. Kazi hii ninaifanya kwa niaba ya mnunuzi. Ujira wangu ni shilingi 700,000, nitalipwa na mnunuzi baada ya majibu ya upekuzi wa umiliki kuonekana na muuzaji kusaini hati ya mauziano. Kwa kila kiwanja nitakachompeleka akakikagua na kukikataa, nitalipwa shilingi 30,000, kwa viwanja visivyozidi vitatu. Nikiwa na udugu, ubia au deni na muuzaji nitalisema kwa maandishi kabla bei haijatajwa. Sitapokea chochote kutoka kwa muuzaji wala kwa dalali mwingine katika mauzo haya; nikipokea, ni mali ya mnunuzi na nitamrudishia. Dalali mwingine nitakayemshirikisha atalipwa kutoka katika ujira wangu huu."

Kiasi hicho ni cha mfano, mtapatana wenyewe. Lakini tuyaeleze mawili katika karatasi hiyo, kwani watu huyaona ya ajabu.

La kwanza ni kwamba ujira ni kiasi maalumu na si asilimia. Hapo bei ikipanda au ikishuka dalali hapotezi wala hapati, na kifiqhi ujira wake unajulikana tangu mwanzo, kwa hivyo umetoka katika khitilafu ile tuliyoitaja. Akisema laki 7 ni ndogo, msikilize. Huenda ni kweli, maana kutafuta kiwanja ni kazi ya siku nyingi juani. Hata ukimpa milioni 1 kwa uwazi, umetoa chini ya theluthi ya zile milioni 3 na nusu za gizani.

La pili ni zile 30,000 za kiwanja kilichokataliwa. Wengi hukataa kulipa kitu kwa kazi isiyozaa. Lakini fikiri: dalali ambaye hapati chochote ukikataa, atakwambia lini kwamba kiwanja hiki kina mgogoro? Ukimlipa kidogo kwa kukupa habari mbaya, habari mbaya zinaanza kukufikia. Wanavyuoni wetu wameyatenganisha mambo haya mawili: ju'ala, ambayo ni malipo ya matokeo, na ijara, ambayo ni malipo ya kazi yenyewe. Zote mbili zinajuzu, na mnunuzi mwenye busara hutumia kidogo cha kila moja, kila moja na kiasi chake kinachojulikana.

Tusijidanganye, hata hivyo. Karatasi iliyosainiwa na mtu asiye na ofisi, ambaye kesho anabadilisha laini ya simu, haina nguvu sana mahakamani. Nguvu yake iko katika mambo mengine mawili. Inamfanya aliyekusudia ulaji aondoke mapema. Atasema yeye kazi za karatasi hazimfai, na hapo umeshapata jibu. Na inakufanya wewe ushike pesa yake mkononi hadi mwisho. Dalali anayesubiri laki 7 zake atakutafutia yule mtendaji wa mtaa, atakufuatilia nakala, atakuja siku ya mwanasheria. Aliyekwisha kulipwa hapokei simu.

Kuna wakati dalali anasema wazi: mimi ni mtu wa muuzaji. Huyo ni muungwana, na huna haja ya kumgeuza awe wako. Unachotaka kwake ni tamko la muuzaji mwenyewe, kwa maandishi, lenye mistari miwili: bei ya kiwanja ni kiasi gani, na katika hiyo dalali anapewa kiasi gani. Usimlipe tena kutoka upande wako. Kama atataka kulipwa pande zote mbili, pande zote mbili zijue na ziandike. Na wewe tafuta mtu mwingine wa kukagua, hata kama ni yule kijana wa nduguyo, mradi asile katika mauzo.

Kijana wa nduguyo naye mwulize. Tunaona haya kuwauliza jamaa zetu, na madalali wanaijua haya hiyo. Katika mfano wetu kijana hakuchukua kitu, lakini mara nyingi dalali humpa aliyeleta mteja fungu lake. Swali la upole linatosha: "Mwanangu, na wewe wamekuahidi chochote? Niambie ili nikupe mimi." Kumpa laki 2 wewe mwenyewe ni heri kuliko ale laki 3 za kukuficha.

Kuhusu ofisi ya mtaa, hili ni geni kwa watu wa visiwani waliozoea sheha. Tanga mjini utakutana na mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mtendaji wa mtaa. Vijijini, kama sehemu za Mkinga, Muheza na Pangani, ni mwenyekiti na mtendaji wa kijiji. Ardhi ya kijiji haiuzwi kwa saini ya mwenyekiti peke yake. Kuihamisha kunataka idhini ya halmashauri ya kijiji, kwa hiyo omba muhtasari wa kikao chake. Katika sehemu nyingi za Bara ofisi hizi zimezoea kudai asilimia 10 ya bei kwa ajili ya kushuhudia mauzo, na viongozi wa serikali wamelikemea jambo hilo zaidi ya mara moja. Shahidi anayelipwa kwa asilimia ya bei ana haja ile ile ya dalali: mauzo yafanyike, na yafanyike leo. Mtume (s.a.w.) alimkasirikia mtumishi aliyekusanya zaka kisha akasema hiki ni chenu na hiki nimezawadiwa, akahoji kama angezawadiwa lau angekaa nyumbani kwa wazazi wake. Wakikudai, omba risiti ya serikali yenye namba ya malipo. Ada halali ina risiti.

Na muhuri wa mtaa usiufanye ndio uthibitisho wa umiliki. Kiwanja kilichopimwa na chenye hati, upekuzi wake unafanywa kwa Msajili wa Hati. Kama kina barua ya toleo tu, ulizia idara ya ardhi ya halmashauri. Nenda mwenyewe au mtume mwanasheria uliyemchagua wewe. Mwanasheria aliyeletwa na dalali, anayeletewa wateja na dalali huyo kila wiki, naye ana wa kumridhisha.

Mfano wetu uliharibika kwa mirathi, kwa hiyo tuongeze neno hapo. Visiwani mirathi inapita kwa Kadhi na karatasi zake tunazifahamu. Bara, hata mirathi ya Waislamu inasimamiwa na mahakama za kawaida, na mara nyingi ni Mahakama ya Mwanzo ndiyo inayomteua msimamizi wa mirathi. Ukiambiwa "hiki alituachia baba", omba uteuzi huo wa mahakama pamoja na saini za warithi wote waliobaleghe, na wale wa Mombasa na Maskati wakiwemo. Ikiwa ni nyumba ya familia au ardhi wanayoishi, omba na ridhaa ya mke au mume wa muuzaji kwa maandishi. Mauzo ya ardhi yasiyoandikwa hayana nguvu katika Sheria ya Ardhi ya Bara, hata kama mlikula yamini msikitini.

Kuna dalili chache ambazo mtu akiziona asimame. Mwenye mali haonekani: leo yuko Dar, kesho ni mgonjwa, na namba yake "haipatikani". Kuna mnunuzi mwingine kutoka Arusha anayekuja na pesa jioni hii. Anaweza kuwa wa kweli, lakini akitungwa ili kukutia haraka, hiyo ni sura ya najshi iliyokatazwa. Malipo yanatakiwa mafungu mawili kwa watu wawili. Au unakatazwa kutaja bei mbele ya mtu yeyote.

Yule mzee wa Wete angeweza kuyajua yote kwa swali moja, kabla ya kufungua mkoba. Angemsubiri mwenye kiwanja baada ya swala, akamsalimia, akamuuliza wakiwa wawili tu: "Ndugu yangu, wewe mwenyewe umepanga kupokea kiasi gani mkononi?" Angejibiwa milioni 9. Kisha wangewaita madalali wote wawili, wakakaa mkekani na kupatana mbele ya kila mtu: mwenye mali achukue 9 na nusu, dalali wa Pongwe apewe laki 5, wa Ngamiani laki 7, na yote yaandikwe. Ingekuwa milioni 10 na laki 7. Kila aliyefanya kazi amelipwa, na mzee anapanda boti ya kurudi Pemba akiwa na milioni 2 na laki 4 za kuanzia msingi.

Waliokwisha kununua na wamegundua baadaye kuwa kulikuwa na cha juu, mauzo yao hayabatiliki kwa sababu hiyo peke yake, mradi muuzaji alikuwa mwenye mali na aliridhia. Lililobaki ni dai baina yao na dalali, na linategemea kama alikuwa ametumwa na wao au na muuzaji. Katika hilo kila kesi ina yake: ujumbe wa simu, risiti za miamala na mashahidi ndio watakaoamua. Wakusanye hivyo kwanza, ndipo wamwendee mwanasheria, au mwanachuoni ikiwa wanataka sulhu, kabla ya kwenda kugombana na mtu kijiweni.